Kimya, Muziki na Sauti ya Jirani: Historia ya Utafiti wa Kelele katika Usomaji na Funzo Lake kwa Madarasa ya Dadamu

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali moja: je, mwanafunzi husoma na kutatua mafumbo vizuri zaidi akiwa kimya, akisikiliza muziki, au akiwa katikati ya kelele? Yanaonyesha jinsi utafiti ulivyosogea kutoka katika kupima ukubwa wa sauti hadi kuuliza kama sauti hiyo inabeba maneno ambayo msomaji anayaelewa. Hoja kuu ni kwamba kwa maeneo ya lugha nyingi kama Dadamu, pembezoni mwa Arua, sauti inayopaswa kushughulikiwa kwanza ni maneno yanayopita juu ya ukuta kutoka darasa la pili. Makala yanaonya pia kwamba matokeo hayo yasigeuzwe kuwa sababu ya kuzinyamazisha lugha za watoto.

1. Utangulizi

Mgeni anayepita karibu na shule ya msingi katika viunga vya Arua huyasikia masomo kabla ya kuyaona majengo. Darasa moja linaitikia kwa pamoja, jingine linaimba namba, la tatu linasomewa hadithi. Madarasa mengi ya eneo hili yameezekwa kwa mabati bila dari, na ukuta unaotenganisha chumba na chumba mara nyingi huishia usawa wa kenchi. Juu ya hapo pana uwazi, na sauti hupita humo bila kizuizi.

Mtoto anaporudi nyumbani hukutana na sauti nyingine: redio, kibanda cha video, mashine ya kusaga, vipaza sauti vya ibada na vya biashara. Wazazi na walimu hugawanyika kuhusu sauti hizi. Wapo wasemao kwamba akili haifanyi kazi pasipo kimya, na wapo vijana wa sekondari wanaoapa kwamba hawawezi kukokotoa hesabu bila muziki masikioni. Kila upande una ushahidi wa nafsi yake.

Nia yetu si kuchagua upande. Tunataka kuonyesha utafiti wa takribani miaka tisini umefikia wapi, kisha kuyasoma matokeo hayo tukiwa tumesimama Dadamu, mahali ambapo Kilugbara, Kiingereza, Kiswahili, Kikakwa, Kinubi na Kiarabu cha Juba hukutana katika masikio ya mtoto mmoja. Tunaamini kwamba hali hiyo ya lugha hubadilisha uzito wa matokeo yenyewe.

2. Elimu iliyoanza kwa sauti

Ni vyema kukumbuka kwamba katika Nile Magharibi kujisomea kimya kulikuja baadaye. Eneo hili liliingizwa katika Uganda mwaka 1914, baada ya kuwa chini ya Kongo ya Leopold na kisha Sudan. Wamisionari wa Afrika Inland Mission walifika Arua mwaka 1918 na kuweka kituo Mvara. Wakatoliki nao walijenga misheni zao, huku jamii ya Wanubi ikiendeleza vyuo vya Kurani. Pande hizi zilitofautiana katika mengi, lakini zilifundisha kwa njia inayofanana: mwalimu anatamka, wanafunzi wanarudia, na kilichohifadhiwa husomwa kwa sauti mbele ya wengine.

Katika chuo cha Kurani, watoto kadhaa huweza kusoma aya tofauti kwa wakati mmoja, kila mmoja akijisikia mwenyewe. Anayepita nje husikia ghasia. Kwa mtoto, hata hivyo, sauti yake ndiyo chombo cha kazi. Utafiti wa MacLeod na wenzake uliochapishwa mwaka 2010 umeonyesha kwamba maneno yaliyotamkwa kwa sauti hukumbukwa vizuri zaidi kuliko yaliyosomwa kimoyomoyo. Walimu wa zamani hawakuwa wamekosea, kwa kuwa lengo lao lilikuwa kuhifadhi, na sauti husaidia kuhifadhi.

Mambo yalibadilika mtihani wa maandishi ulipokuwa mlango wa elimu ya juu. Mtihani haumwombi mtoto arudie alichokihifadhi tu. Humpa kifungu asichokijua, kwa lugha ambayo si ya nyumbani, na kumtaka akielewe peke yake kwa muda uliopimwa. Hiyo ni kazi nyingine. Hata hivyo majengo yalibaki yale yale, na mafunzo ya sauti yaliendelea katika chumba cha jirani. Mwaka 1997 Uganda ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, madarasa yalijaa, na kazi hizi mbili, ya kuitikia kwa sauti na ya kusoma kimya, zikasongamana chini ya paa moja.

3. Kutoka muziki wa redio hadi reli ya Manhattan

Wakati shule za eneo letu zikiendelea kukua, watafiti wa Marekani walikuwa wameanza kuuliza swali lililoletwa na chombo kipya nyumbani, yaani redio. Mwaka 1937 Fendrick aliwapa wanafunzi kifungu wasome, baadhi wakiwa kimya na wengine wakipigiwa muziki. Waliopigiwa muziki walifanya vibaya zaidi. Mwaka 1945 Henderson na wenzake walitenganisha aina za muziki. Waligundua kwamba nyimbo pendwa za wakati ule zilipunguza ufahamu wa aya, ilhali muziki wa kale wa Ulaya haukuonyesha madhara hayo. Wakati huo haikuwa wazi kwa nini muziki mmoja uumize na mwingine uache. Jibu lilichukua miaka mingi.

Kabla ya jibu hilo kupatikana, utafiti uligeukia kelele za mji. Kisa kinachofaa kusimuliwa kwa kirefu ni cha shule ya msingi namba 98 huko Manhattan, jijini New York, kwa sababu hakikuishia katika kupima tatizo. Njia ya treni ya juu ilipita karibu na upande mmoja wa jengo. Treni ilipita kila baada ya dakika nne na nusu hivi, na inapopita sauti darasani ilifikia desibeli 89, kiwango kinachomlazimu mwalimu kunyamaza au kupiga kelele. Upande wa pili wa jengo ulikuwa na utulivu.

Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walilinganisha alama za kusoma za watoto wa pande hizo mbili, na wakachapisha matokeo mwaka 1975. Watoto walikuwa wa shule moja na mtaa mmoja, na hawakupangwa katika vyumba kwa kufuata uwezo wao. Hata hivyo, watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma katika kusoma, na kufikia darasa la sita pengo lilikaribia mwaka mzima wa masomo. Baadaye mamlaka ya reli iliweka vipande vya mpira chini ya reli karibu na shule, na vyumba vyenye kelele zaidi vikawekewa dari inayofyonza sauti. Bronzaft aliporudi kupima, na kuchapisha mwaka 1981, pengo lilikuwa limetoweka.

Kisa hiki kina nguvu kwa sababu sababu iliondolewa na athari ikaondoka nayo. Jambo kama hilo lilionekana tena Ujerumani. Uwanja wa ndege wa zamani wa Munich ulifungwa mwaka 1992 na mwingine ukafunguliwa kwingineko. Hygge, Evans na Bullinger, katika ripoti yao ya mwaka 2002, walionyesha kwamba kusoma na kumbukumbu za watoto waliokaa karibu na uwanja uliofungwa ziliimarika, na za watoto wa karibu na uwanja mpya zikadhoofika. Mwaka 2005 Stansfeld na wenzake walitoa matokeo ya watoto zaidi ya 2,800 wa Uingereza, Uholanzi na Hispania: kadiri kelele za ndege zilivyozidi shuleni, ndivyo ufahamu wa kusoma ulivyopungua. Kelele za magari barabarani hazikuonyesha athari hiyo katika kusoma.

Tofauti hiyo ya mwisho inastahili kuzingatiwa. Kama ukubwa wa sauti ungekuwa ndio kila kitu, magari nayo yangedhuru. Magari huvuma mfululizo, ilhali ndege huja kwa vishindo na kuondoka. Sikio huzoea mvumo usiobadilika kuliko sauti inayobadilika. Sauti inayobadilika kuliko zote katika maisha ya binadamu ni maneno.

4. Kinachovuruga ni maneno

Maendeleo makubwa yalikuja watafiti walipoacha kuuliza sauti ni kubwa kiasi gani, wakauliza inabeba nini. Mwaka 1982 Salamé na Baddeley walionyesha kwamba maneno ya mtu anayesema pembeni huvuruga kumbukumbu ya muda mfupi hata pale msikilizaji anapoambiwa ayapuuze. Mwaka 1989 walionyesha kwamba muziki wenye kuimbwa huvuruga zaidi kuliko wa ala tupu. Mwaka 1988 Martin, Wogalter na Forlano walikuwa wameligeukia suala la kusoma kwa ufahamu, na wakabaini kwamba katika kazi hiyo kinachoumiza zaidi ni maana: mazungumzo yenye maana kwa msomaji yalimvuruga kuliko sauti zisizokuwa na maana kwake.

Sababu yake si ngumu kuiona. Anayesoma hujenga sentensi kichwani, neno baada ya neno, na kuilinda mpaka maana ikamilike. Maneno yanayoeleweka yakipita sikioni, sehemu ile ile ya akili huanza kujenga sentensi ya pili bila kuombwa. Mtu anaweza kufumba macho, lakini hana kope za masikio.

Mwaka 2018 Vasilev na wenzake walikusanya pamoja tafiti 65 za aina hii. Walikuta kwamba kelele, muziki na maneno, vyote hupunguza ufahamu wa kusoma kwa kiasi kidogo lakini cha kuaminika, na kwamba maneno yanayoeleweka na muziki wenye mashairi ndivyo vinavyodhuru zaidi. Mwaka 2019 walifuatilia mwendo wa macho na kuona madhara yanavyojificha: msomaji anayesikia maneno anayoyaelewa hurudi nyuma mara kwa mara kusoma upya alichokwisha kusoma. Kwa hiyo anaweza kujibu maswali vizuri, lakini ametumia muda mwingi zaidi. Nyumbani hataona hasara yoyote. Katika chumba cha mtihani, dakika zile hazirudi.

Je, kuupenda muziki hakusaidii? Perham na Currie walilipima jambo hili mwaka 2014. Wanafunzi walisoma wakisikiliza nyimbo wanazozipenda, nyimbo wasizozipenda, muziki usio na maneno, au wakiwa kimya. Nyimbo zenye maneno zilipunguza ufahamu, ziwe zimependwa au la. Ushuhuda wa kijana anayesema muziki unamsaidia si wa uongo, kwa kuwa muziki kweli humwondolea uchovu na upweke. Ila anachopima yeye ni raha ya kukaa kitini, na raha hiyo haimwambii ameelewa kiasi gani.

Kwa upande wa kutatua mafumbo, fikra nyingi za umma zinatokana na jaribio moja lililosomwa vibaya. Mwaka 1993 Rauscher, Shaw na Ky waliripoti kwamba wanafunzi 36 wa chuo waliosikiliza muziki wa Mozart kwa dakika kumi walifanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo, na kwamba faida hiyo ilidumu kama robo saa tu. Wanafunzi hao walisikiliza kabla ya kazi, si wakati wa kazi. Thompson na wenzake walionyesha mwaka 2001 kwamba faida hiyo hutokana na uchangamfu na hali njema ya moyo, ambavyo vingeweza kuletwa na jambo lingine lolote la kufurahisha. Muziki kabla ya kusoma, basi, hauna ubaya. Shida ipo unaposindikiza kazi yenyewe.

Mwaka 2019 Threadgold na wenzake walitumia fumbo la maneno matatu yanayohitaji neno moja la kuyaunganisha. Tukitoa mfano wa Kiswahili, mtu hupewa maji, siasa na michezo, naye hutakiwa kugundua mwana: mwanamaji, mwanasiasa, mwanamichezo. Ili kufika hapo, mtu hujaribu maneno mengi kimoyomoyo. Muziki ulipunguza mafanikio, hata ule wa lugha isiyojulikana na ule wa ala tupu, ilhali sauti za kawaida za maktaba hazikutofautiana na kimya. Ni haki kusema pia kwamba Mehta na wenzake, mwaka 2012, waliona mvumo wa wastani wa desibeli 70 ukisaidia kazi za ubunifu kuliko utulivu zaidi au kelele kali. Matokeo haya mawili hayajapatanishwa kikamilifu, lakini yanakutana katika jambo moja: mvumo wa mfululizo usio na maneno hauna madhara ya aina ile ile.

5. Darasa la Dadamu: mfano uliokokotolewa

Sasa turudi Dadamu. Tuchukue darasa la kubuni, lenye umbo la yale tuliyoyaeleza mwanzoni: mabati, hakuna dari, na ukuta unaoishia kwenye kenchi. Chumba cha kwanza ni cha darasa la pili, wanaofundishwa kwa Kilugbara kufuatana na mtaala wa mada ulioanza mwaka 2007, unaotumia lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo. Chumba cha pili ni cha darasa la sita, wanaosoma kimya kifungu cha Kiingereza.

Mwalimu anayeongea kwa sauti ya kufundishia hutoa takribani desibeli 65 umbali wa mita moja. Mahali palipo wazi, sauti hupungua kwa desibeli sita kila umbali unapozidi maradufu. Katika mita nne ingebaki desibeli 53, na chini ya mabati yanayorudisha mwangwi hubaki zaidi ya hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unapendekeza kelele za darasani zisizidi desibeli 35. Mtoto wa darasa la sita aliye karibu na uwazi ule, kwa hiyo, hasikii tu kwamba jirani kuna masomo. Anayapata maneno yenyewe. Darasa la pili linapoitikia kwa pamoja, hali huzidi.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Kwa mtoto ambaye Kilugbara ni lugha ya mama, maneno ya jirani hueleweka bila jitihada, ilhali kifungu cha Kiingereza kilicho mbele yake kinadai jitihada kubwa. Sauti nyepesi kabisa kuelewa inashindana na maandishi magumu kabisa kuelewa. Mwanafunzi mwenzake aliyekuja kutoka Sudan Kusini, asiyejua Kilugbara, anapata mvumo tu katika dawati lile lile. Watoto wawili wanaopimwa kwa kipimo kimoja cha desibeli wako katika mazingira mawili tofauti ya kusomea. Tafiti nyingi zilizotajwa zilifanywa mahali ambapo wanafunzi wengi wana lugha moja, na hazikulazimika kulikabili jambo hili.

Shule inaweza kulipima bila maabara. Chukua vifungu vitatu vya ugumu unaolingana, kila kimoja na maswali kumi. Gawa darasa katika makundi matatu kwa kura. Chagua hali tatu: kimya wakati jirani wako nje, somo la Kilugbara likiendelea jirani, na mvumo usio na maneno, kama mvua nyepesi iliyorekodiwa. Kila kundi lipite katika hali zote tatu kwa asubuhi tatu, likisoma kila mara kifungu tofauti, na mpangilio uzungushwe ili kila kifungu kikutane na kila hali. Andika alama, na pia dakika ambazo kila mtoto ametumia kumaliza. Asiyeandika dakika atadhani hakuna tofauti, kwa sababu ile tuliyoiona katika mwendo wa macho. Mwisho, tenganisha matokeo kwa lugha ya nyumbani. Ikiwa hoja yetu ni sahihi, hali ya pili itawaumiza zaidi wanaojua Kilugbara. Ikiwa wote wameumia sawa, basi ukubwa wa sauti ndio wenye kosa na hoja yetu imeanguka.

Jaribio kama hili lina mpaka wake. Asubuhi tatu huonyesha usumbufu wa papo hapo, si upungufu unaojengeka kwa miaka kama ule wa Manhattan. Kulijua hilo kunahitaji kuwafuatilia watoto kabla na baada ya ukuta kurekebishwa.

6. Hatari ya kusoma matokeo vibaya

Ipo njia rahisi na potofu ya kuyatumia haya yote: kusema kwamba lugha ya mama inavuruga elimu, hivyo inyamazishwe. Historia ya Afrika Mashariki inajua njia hiyo. Katika shule nyingi za enzi ya ukoloni, na hata baada ya uhuru, mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao alivishwa kibao shingoni au alichapwa. Ushahidi hauungi mkono adhabu ya aina hiyo. Kilugbara kinamvuta mtoto wa darasa la sita kwa sababu anakimudu, na kukimudu huko ndiko kunakowafanya watoto wa darasa la pili wajifunze kusoma nacho. Kingekuwa Kiingereza ndicho lugha anayoielewa vyema, Kiingereza cha jirani kingemvuruga vile vile.

Suala hili litazidi uzito kwa Kiswahili. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yakakipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Vipindi vya Kiswahili kwa wanaoanza hudai kutamka, kuimba na kuitikia. Kama vitapangwa bila kufikiria chumba cha pili, alama za kusoma zinaweza kushuka, na lugha mpya ikabebeshwa lawama ya ukuta.

7. Hitimisho

Kwa washauri wa sera, mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kazi ya fundi: kuziba uwazi ulio kati ya ukuta na mabati kwa matofali, kuanzia vyumba vya madarasa ya mtihani, na kuweka dari pale fedha zinaporuhusu. Dari husaidia pia wakati wa mvua kubwa, ambapo hata sauti ya mwalimu humezwa. La pili ni la ratiba na halina gharama: vipindi vya kusoma kimya viwekwe wakati mmoja kwa vyumba vinavyopakana, na vipindi vya kuimba na kuitikia vivyo hivyo. Nyumbani, mzazi asiye na chumba cha pili anaweza kuizima redio kwa saa moja ya kusoma na kuiwasha tena mtoto anapoanza kunakili au kuchora.

Watoto wa upande wa reli huko Manhattan hawakuhitaji akili nyingine wala lugha nyingine ili wawafikie wenzao. Walihitaji mpira chini ya reli na dari juu ya vichwa vyao. Kabla hatujaandika tena kwamba watoto wa viunga vya Arua hawajui kusoma, inatupasa tupande tukaangalie juu ya ukuta.